Mota ya mjomba na sarafu ya shilingi 20

Leo naweka programu kando kidogo.

Jumamosi mjomba wangu wa Malaba alinitumia picha ya mota aliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa imeshatolewa kwenye mashine yake. Alitaka igeuze mayai 60 yaliyokuwa tayari ndani ya kiangulio. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mjomba, nichomeke kwa stima?" Kwake, aliyesomea kompyuta anajua kila chenye waya.

Nikaangalia picha nikiwa hapa Busia. Mwili wa mraba, vifuniko viwili vyeupe, na katikati mabamba membamba ya chuma yamepangwa kama kurasa za kitabu. Mota ya indaksheni, ile ya feni na pampu ya maji, ina mabamba kama hayo, nayo ndiyo hutumia umeme wa ukutani. Nilikuwa nimeshaandika "ndiyo" nilipoona waya: nne, nyembamba, kila moja rangi yake.

Mota ndogo ya betri yenye brashi niliiondoa mara moja. Hiyo huwa kopo la duara lenye kifuniko cha plastiki nyuma na sehemu mbili tu za kuunganisha waya. Zikabaki indaksheni na stepa, na waya pekee haziamui, maana feni ya spidi tatu nayo hutoa waya nne au zaidi.

Tatizo ni kwamba picha haionyeshi ukubwa. Nikamwomba aweke sarafu ya shilingi 20 juu ya mota apige tena. Loo! Upana wake haukufika sarafu mbili. Pampu gani hiyo?

Bado nilitaka uhakika. "Mjomba, zungusha ekseli kwa vidole waya zikiwa huru. Kisha gusanisha waya mbili mbili, uzungushe tena." Baada ya dakika kumi akajibu: nyeusi na kijani zikigusana inakuwa ngumu, nyekundu na bluu pia. Nyingine hakuna kitu.

Basi ni stepa. Ndani yake mna sumaku ya kudumu, na koili ikifungwa sumaku hiyo huzalisha umeme unaopinga mzunguko. Indaksheni ya kawaida haina sumaku hiyo, kwa hiyo haibadiliki.

Koili za stepa ndogo kama hii mara nyingi huwa na omu chache tu. Kwenye volti 240 zingeungua mara moja. Hata betri peke yake haisaidii: mota hushtuka mara moja, hushika pale pale, kisha hupata joto. Inahitaji sakiti ya kuzipa koili umeme kwa zamu, hatua kwa hatua.

Na zamu hizo huandikwa kwa programu. Kumbe kazi ilikuwa yangu kweli! Siku hiyo mjomba aligeuza mayai kwa mkono.