Meseji za Mdogo Wetu kwa Watu wa Hoteli

Sisi tuko hapa Nyamirambo, Kigali. Mdogo wetu alitoka Kiziba mwezi wa tatu kuja kuomba kazi kwenye hoteli moja ya mjini iliyotafuta mtunza stoo. Aliacha barua na sivii mapokezi, akapanda basi akarudi kambini. Wiki mbili zikapita kimya. Ndipo akatuonyesha meseji aliyomwandikia madamu wa ofisi ya wafanyakazi:

“Bosi salama? Ni mimi yule wa ile kazi. Mbona kimya jamani? Nimesubiri sana, maisha huku ni magumu, unifikirie.”

Hakujibiwa. Tulicheka kidogo, ingawa sisi pia tumeshaandika hivyo zamani. Mmoja wetu anafanya kazi mapokezi ya ofisi moja, akamweleza: huyo madamu hana namba yako kwenye simu yake. “Yule” ni nani? “Ile kazi” ni ipi? Labda ametangaza kazi tatu kwa pamoja. Ili akujibu inabidi akupigie kukuuliza jina, halafu atafute barua yako kwenye rundo. Hana muda huo. Tena “mbona kimya” ni kama unamgombeza, na shida za maisha hazimwambii kama unajua kuhesabu magunia.

Basi tukakaa na simu, sisi huku naye kule, tukaiandika upya. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, kwa hiyo meseji ilikwenda kwa Kiingereza, lakini hapa tunaiweka kwa Kiswahili:

“Habari za asubuhi Madamu. Naitwa [majina mawili]. Niliomba kazi ya utunzaji wa stoo, na barua yangu niliileta mapokezi tarehe 9 Machi. Nimefanya miaka 2 kwenye stoo ya chakula, nikihesabu na kuandika mizigo inayoingia na inayotoka. Naomba kujua kama watu wa intaviu wameshachaguliwa. Naweza kufika Kigali nikiarifiwa siku 2 kabla. Asante.”

Hiyo miaka miwili ni ya kugawa chakula kambini. Yeye aliona si kazi ya kusema mbele ya watu wa mjini. Kumbe ndiyo hasa kazi waliyoitafuta! Alitaka pia kuandika “niko tayari saa yoyote”, tukakataa. Anayeishi kambini anaomba ruhusa ya kutoka, na safari yenyewe ni ndefu. Angeitwa kesho asubuhi asifike, ingekuwa vibaya kuliko kusema siku mbili.

Tuliituma Jumanne saa tatu asubuhi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, Jumatatu ofisi zina mrundikano. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: aje Ijumaa.

Kwenye intaviu walimuuliza maswali ya stoo, akajibu vizuri. Ila madamu aliichukua kadi yake ya mkimbizi, akaigeuza mara mbili, akaiweka mezani bila kuuliza kitu. Mdogo wetu akaondoka na wasiwasi. Usiku akaandika: “Bosi, kama ni sababu ya ukimbizi niambie tu ukweli nijue.”

Hiyo tuliizuia kabla haijatoka. Mtu anayegeuza kadi mara mbili mara nyingi hajui tu, anaogopa kuvunja sheria, naye haulizi kwa sababu anaona aibu. Basi mpe jibu la swali ambalo hakuliuliza. Asubuhi yake tukatuma:

“Asante Madamu kwa kunipokea jana. Mlisema tatizo la stoo yenu ni vitu kuharibika kabla ya kutumika. Kazi hiyo ya kutoa kwanza kilichotangulia kuingia nimeizoea. Kuhusu kitambulisho changu: kimetolewa na serikali ya Rwanda, na mkimbizi anaruhusiwa kuajiriwa hapa nchini. Naambatanisha picha ya pande zote mbili, tarehe ya mwisho inasomeka.”

Kama tarehe hiyo imepita, usitume picha. Fanya kwanza mambo ya kadi mpya.

Madamu alipiga simu mwenyewe. Stoo ilikuwa imeshapewa mtu aliyefanya hotelini kabla, na meseji haiwezi kubadilisha hilo. Lakini aliuliza swali moja la kadi, akasema jiko litahitaji mtu wa kupokea mizigo, atajibu kufikia tarehe 20.

Leo ni tarehe 18. Meseji ya tatu iko tayari, mistari mitatu, ni ya kutumwa tarehe 23 kama kutakuwa kimya. Mdogo wetu yuko hapa kwetu wiki hii na anataka kuituma leo. Simu tumeificha kabatini.