“Asante kwa sapoti” si kusema ulilipwa

Wasee, hii stori inaniuma lakini wacha niseme.

Tangu niache chuo, video ndizo hulipa rendi yangu. Kuna kampuni ilinipa spika ndogo pamoja na elfu nane. Nikaisifu YouTube dakika sita. Kwa maelezo, chini kabisa baada ya linki za kurasa zangu, nikaandika: “Asante kwa sapoti, #collab.” Nikajiona msafi.

Shangazi yangu akainunulia saluni yake. Wiki tatu, ikazima. Akanipigia: “Wee, ulilipwa kuisifu?”

“Lakini Shangazi, niliandika!”

“Wapi?”

Nilipoenda saluni akanipa simu yake. Maelezo yalikuwa yamefungwa. Lazima uguse “...more” halafu ushuke, ushuke tena. Alipofika akasoma kwa sauti, akaniangalia. “Hii ‘sapoti’ ni nini? Walikuombea?” Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Akaongeza: “Ungesema ulilipwa, ningeuliza fundi kwanza.”

Hapo ndipo nilielewa. Yeye hakukasirika kwamba nililipwa. Alikosa kujua hilo kabla hajatoa pesa.

Baadaye nikasoma mwongozo wa FTC, wakala wa Marekani wa kulinda wateja, uliotoka 2019. Makosa yangu yote yako humo: neno lisiloeleweka kama “collab”, kulificha kati ya linki, na kuliacha kwa maelezo pekee ilhali sifa ziko ndani ya video. Pia wanasema tumia lugha ile ile unayotumia kusifu. Nilisifu kwa Kiswahili, nikaungama kwa Kiingereza.

Sasa mstari wangu wa kwanza kwa maelezo, kabla ya kitu kingine chochote, ni huu:

“TANGAZO: Kampuni ya spika hii imenilipa pesa na kunipa spika bure.”

Jina la kampuni naliweka hapo wazi. Sentensi hiyo hiyo naitamka kabla sijaanza kusifu, na naiandika kwa skrini, kwa sababu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti. Kile kisanduku cha YouTube pia natiki, lakini maandishi yake, “Includes paid promotion”, hukaa sekunde chache tu mwanzoni, na hayasemi nani alilipa. TikTok na Instagram pia hukata kapsheni, so neno “Tangazo” linaanza, hashitegi zinafuata.

Kama sikulipwa, naandika: “Nimepewa bure, sijalipwa pesa.” Kama ni linki ya kamisheni, kando yake naweka: “Ukinunua hapa, napata kamisheni.” Na “maoni ni yangu” haichukui nafasi ya hizo. Maoni yanaweza kuwa yako na bado umelipwa.

Kabla ya kupost, sasa namtumia Shangazi video na swali moja: “Nani amelipa hapa?” Akikosa jibu bila kugusa “...more”, narudi kuandika upya.