Pahali pa Uvimbe Kuliko Ukubwa Wake

Mwaka uliopita tulimsindikiza hospitalini binti wa marehemu kaka yetu. Ana miaka 31, ameolewa, hajapata mtoto. Damu yake ya mwezi ilidumu siku tisa, yenye mabonge, naye alibadilisha kitambaa kila saa. Akipanda vilima vya Bukavu, alipumzika mara tatu. Kipimo kilionyesha hemoglobini ya gramu 7, ilhali mwanamke asiye na mimba anapaswa kuwa na 12 au zaidi. Ekografia ikaonyesha fibromu moja ya sentimita 3, yaani uvimbe wa msuli wa kizazi, usio kansa.

Daktari wa kwanza alisema kizazi kiondolewe. Mumewe alinyamaza, shangazi akalia. Sisi tulishangaa zaidi kwa sababu mama jirani yetu anabeba fibromu ya sentimita 9, wala haimsumbui ila kumwamsha usiku aende kukojoa.

Daktari wa pili, mama mtu mzima, alituchorea kizazi mfano wa parachichi. Fibromu ya jirani imeota upande wa nje, ikasukuma kibofu. Damu ya mwezi haiguswi. Ile ya binti yetu ilichomoza ndani, katika utando unaomwaga damu na unaopokea mimba. Kwa hiyo hata ndogo humwaga damu nyingi na huweza kuzuia mtoto. Zinazokaa katikati ya ukuta huweza kuleta damu na maumivu pia, hasa zikikua.

Binti aliuliza kama dawa zingetosha. Alijibiwa kwamba asidi ya traneksamiki, inayomezwa siku za damu tu, hupunguza damu lakini haiondoi uvimbe. Zile zinazousinyaza, ukiziacha, uvimbe hurudi. Kuziba mishipa inayolisha uvimbe, kwa mrija unaopitishwa kwenye kinena, kunahitaji mashine na mtaalamu ambao ni adimu kwetu, na kwa kawaida hakushauriwi kwa anayetaka kuzaa. Kuondoa kizazi humaliza fibromu kabisa, na uzazi pia. Ni shauri linalomfaa mwingine, mathalani mama aliyekwisha kuzaa na ambaye tiba nyingine zimemshinda.

Kwake, uvimbe wenyewe ungeweza kukatwa kwa chombo chembamba chenye kamera, kupitia mlango wa kizazi, bila kupasua tumbo. Lakini si kwa gramu 7! Alimeza vidonge vya chuma na ile dawa ya damu kwa miezi mitatu, hadi akafikia gramu 11. Ndipo akafanyiwa kazi hiyo, akarudi nyumbani kesho yake.

Sasa damu yake hudumu siku tano. Mimba haijaja. Ule mchoro wa parachichi ameuhifadhi pamoja na karatasi za hospitali, kwa maana fibromu nyingine yaweza kuota, na daktari atakayemwona atapaswa kujua ile ya kwanza ilikaa wapi.