Anza na Uso wa Utando

Nilipoingia patholojia baada ya kumaliza mafunzo ya udaktari, jamaa zangu waliuliza kwa nini nimewakimbia wagonjwa. Sikuwakimbia. Katika hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nilikofanya kazi, wagonjwa walinifikia wakiwa vipande vidogo vya nyama ndani ya chupa za fomalini. Pamoja na kila kipande ilikuja karatasi yenye swali la daktari aliyekikata. Kwa utumbo mpana, swali lililonishughulisha kuliko mengine lilikuwa hili: uvimbe mdogo huu ni polipu ya haipaplastiki, ambayo kwa kawaida haina madhara, au ni adenoma, ambayo ikiachwa inaweza kugeuka saratani?

Mwalimu wangu wa kwanza alinizuia kuanza na kitu chochote cheusi kilichovuta jicho. "Anza na uso wa utando," aliniambia, "kisha ushuke." Sababu yake ilikuwa ya kibaolojia. Utando wa utumbo mpana umejaa tezi, mirija midogo iliyosimama wima, mdomo juu na kitako chini. Seli huzaliwa kitakoni, hupanda taratibu, na hufika juu baada ya siku chache zikiwa zimekomaa, kisha hudondoka. Kwa hiyo hata katika utumbo mzima, viini vya seli za kitakoni ni vikubwa na vimekoza rangi ya hematoksilini, na baadhi vinagawanyika. Ukisomea huko chini pekee, utaona hatari kila mahali.

Polipu ya haipaplastiki huufuata mpangilio huo, ila kwa ziada. Seli huzaliwa nyingi na kuchelewa kudondoka, kwa hiyo zinabanana sehemu ya juu ya tezi, na ukingo wa tundu unakatika kama meno ya msumeno. Kitako hubaki chembamba na kilichonyooka. Jambo kubwa ni kwamba seli zinakomaa: kadiri unavyopanda, viini vinakuwa vidogo, vinarudi kukaa chini ya seli, na ute mweupe unaijaza sehemu iliyobaki. Mara nyingi polipu hizi ni ndogo, chini ya milimita 5, nazo hupatikana zaidi kwenye rektamu na sigmoidi.

Katika adenoma, ukomavu huo umepotea. Viini ni virefu, vyembamba, vimekoza na kusongamana, vingine vimepanda hadi katikati ya seli au juu zaidi. Ute umepungua. Seli zinazogawanyika zinaonekana hata karibu na mdomo wa tezi. Hiyo ndiyo displasia, na kila adenoma inayo, angalau ya daraja la chini. Mara nyingi hukaa juu kabisa, huku tezi zilizo chini yake zikiwa bado za kawaida, na mpaka kati ya seli mbaya na seli njema ni wa ghafla. Unaweza kuuonyesha kwa ncha ya kalamu.

Mgonjwa mmoja alinithibitishia thamani ya utaratibu huo. Alikuwa baba wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja kwa sababu ya damu kwenye choo. Kolonoskopi ilionyesha vimbe mbili: mmoja wa milimita 5 kwenye sigmoidi, mwingine wa milimita 15 kwenye koloni ya kukingama. Daktari alichukua vipande tu kwa koleo, akaweka kila sehemu katika chupa yake, akauliza arudi kuondoa uvimbe upi.

Daktari kijana aliyekuwa akisomea ubingwa alinisalimia asubuhi hiyo akiwa tayari na jibu.

"Shikamoo, Mwalimu. Zote mbili ni adenoma."

"Marahaba. Nionyeshe uso wa utando kwenye hii ya sigmoidi."

Alisogeza slaidi huku na huku. Hakuupata. Tuliona miduara ya tezi, viini vyake vimekoza na kusongamana, na chembechembe kadhaa zikigawanyika. Kipande kilikuwa kimelala ndani ya parafini, na kisu kilikuwa kimepita kwa mshazari kwenye vitako pekee. Kila tulichokiona kinaruhusiwa kuwapo kitakoni mwa polipu ya haipaplastiki.

Tulimwomba fundi wa maabara ayeyushe bloku, akisimamishe kipande kwa ubavu, na akate upya tabaka za mikromita 3 hadi 4 katika viwango kadhaa. Kazi hiyo inahitaji mkono mtulivu, kwa maana kipande cha ukubwa huo kinaweza kuishia kwenye vumbi la parafini kabla hakijatoa jibu. Slaidi mpya zilipotoka, uso ulikuwapo: meno ya msumeno juu, viini vidogo vilivyopangana chini ya seli, ute tele. Ilikuwa polipu ya haipaplastiki.

Kipande cha koloni ya kukingama kilisimama vizuri tangu mwanzo. Viini virefu, vilivyokoza, vilifika hadi juu bila kupungua, na kando yake utando wa kawaida ulikatika ghafla. Hapo kijana alikuwa sahihi, nami nilimwambia hivyo. Viini havikuwa vimetawanyika ovyo hadi juu ya seli, wala tezi hazikuwa zimeunganika kuwa matundu yaliyopakana bila nyama kati yake. Kwa hiyo displasia ilikuwa ya daraja la chini.

Kabla ya kutia sahihi nilitafuta mwigaji mmoja wa displasia tunayemfahamu sana Kanda ya Ziwa. Kichocho cha utumbo huacha mayai yenye mwiba ubavuni ndani ya utando, na utando unaojitengeneza baada ya mchochota na vidonda huwa na viini vikubwa vilivyokoza. Lakini utando huo hubadilika polepole kuelekea utando wa kawaida, bila mpaka wa ghafla, na kwa kawaida chembe za mchochota zimejaa jirani. Hapakuwa na mayai wala mchochota wa kutosha kueleza tulichokiona.

Nilimfundisha pia kijana yule kutofunga jicho baada ya kuona msumeno. Ikiwa meno yameshuka hadi kitakoni, na hata tezi moja imepanuka chini na kugeukia pembeni kuchora herufi L, hiyo si haipaplastiki tena. Ni kidonda bapa chenye msumeno, kinachopendelea upande wa kulia wa koloni, na chenye njia yake ya kufikia saratani. Kwa miongo mingi vidonda hivyo viliandikwa kuwa haipaplastiki. Ndiyo maana chupa mbili zenye majina ya sehemu zilitusaidia sana: msumeno wa sigmoidi na msumeno wa koloni ya kulia havistahili imani sawa.

Ripoti yetu ilisema: sigmoidi, polipu ya haipaplastiki; koloni ya kukingama, adenoma ya mirija yenye displasia ya daraja la chini. Chini yake niliongeza kwamba kipande cha koleo kinatoa ushahidi wa sehemu iliyokatwa tu. Uvimbe wa milimita 15 unaweza kuficha displasia ya daraja la juu, au saratani yenyewe, umbali mfupi kutoka pale koleo lilipouma, kwa hiyo uondolewe wote na uletwe wote. Daktari yule alirudi kwenye koloni ya kukingama akauondoa, na safari hii nilimwomba fundi aupange kwenye bloku ili kila slaidi ionyeshe uso, shina na ukingo uliokatwa.