Leicester Hakuna Mjumbe wa Nyumba Kumi

Kwetu Umwe, mtu anayetakiwa kuthibitisha makazi yake hahangaiki sana. Humwendea mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, naye humwandikia barua kwamba fulani bin fulani ni mkazi wangu, namfahamu, asaidiwe. Barua hiyo hugongwa muhuri, na kwa barua hiyo mtu hupokelewa katika benki ya Ikwiriri au ya Kibiti. Ndugu zetu wengi wanaokwenda kufanya kazi Uingereza hudhani kwamba pasipoti, viza na mkataba wa kazi vitafanya kazi ile ile kule. Havifanyi, na sababu yake yafaa ielezwe kwa kituo, kwani mwenye kuielewa hupunguziwa majuma kadhaa ya kutangatanga.

Niliwasili katika mji wa Leicester Jumamosi, tarehe 2 Septemba 2023, nimeajiriwa kazi ya uuguzi. Nauli na gharama za safari zilitokana na mkopo wa shilingi milioni 2 na laki 4, ambao mama aliuchukua kwa mfanyabiashara mmoja wa nyumbani, akaweka rehani shamba letu la mikorosho. Makubaliano yalikuwa kwamba fedha zisiporudi ifikapo mwisho wa Oktoba, mkopeshaji ataokota korosho za msimu ule zote. Mwajiri wangu hakuwa na njia ya kunilipa mshahara isipokuwa kwa kuuingiza katika akaunti yenye jina langu mwenyewe, na namba za akaunti hiyo zilitakiwa ziwe zimefika ofisini kabla ya tarehe 15 ya mwezi.

Jumatatu tarehe 4 nikaingia katika benki iliyokuwa karibu. Karani, binti mpole, alitazama pasipoti yangu akaridhika kuwa mimi ndiye mimi. Kisha akauliza uthibitisho wa mahali ninapoishi. Nikamwonyesha mkataba wa kazi, akasema mkataba unaonyesha anwani ya hospitali na wala si ya chumba changu. Akataka bili ya umeme, ya gesi au ya maji, au barua ya kodi ya halmashauri, au taarifa ya akaunti kutoka benki nyingine. Nilikuwa naishi katika nyumba ya wauguzi, ambamo bili zote huja kwa jina la mwenye nyumba na kodi hukatwa katika mshahara. Bili yenye jina langu haikuwapo na isingekuwapo hata ningekaa humo miaka kumi. Ama taarifa ya benki nyingine, msomaji ataona mwenyewe mzunguko wake: ili nipate akaunti nilitakiwa niwe nayo tayari.

Nyuma ya mahojiano yale kulikuwa na jambo ambalo karani hakulieleza, nami nilikuja kulielewa baadaye kwa kuuliza wenyeji. Mwenyeji anapoomba akaunti, aghalabu haulizwi karatasi yoyote. Mashine ya benki hutafuta jina lake na anwani yake katika daftari za kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo, yaani Experian, Equifax na TransUnion. Humo mna kila mkataba wa simu alioulipia, kila deni alilolimaliza au kulikimbia, na kama ameandikishwa katika daftari la wapiga kura. Jina likionekana katika anwani ile, benki huridhika papo hapo kwamba mtu huyo yupo na anaishi anaposema anaishi. Mgeni hayumo. Uaminifu wake wote wa Tanzania, hata kama amelipa mikopo ya benki miaka ishirini bila kuchelewa, hauvuki bahari. Mashine haimwoni kuwa mdaiwa mbaya, haimwoni kabisa. Kwa hiyo yale yanayoonekana kuwa vikwazo viwili, kukosa historia ya mikopo na kukosa uthibitisho wa makazi, kwa kweli ni kimoja: hakuna mtu wa tatu anayesema anakufahamu katika anwani hiyo. Kinachotafutwa ni kile kile anachokiandika mjumbe wetu wa nyumba kumi. Kazi ya mgeni ni kumtafuta nani katika mji ule anaweza kushika kalamu ya mjumbe.

Kwa mfanyakazi ni mwajiri. Kwa mwanafunzi ni chuo, ambacho aghalabu huwa na barua maalumu ya kumtambulisha benki. Wapo pia wanaopokelewa kwa mkataba wa pango. Lakini barua ya mwajiri haina budi iandikwe kwa namna yake. Iwe katika karatasi yenye nembo ya ofisi, yenye tarehe ya karibuni, kwa kawaida isiyozidi miezi mitatu, na saini ya mtu mwenye cheo. Itaje anwani ya chumba unacholala, tarehe uliyoanza kazi, na jina lako kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Hapo ndipo watu wa kwetu hukwama sana, kwani tunatumia majina matatu nyumbani, mawili kazini, na Mohamedi mmoja huandikwa kwa tahajia nne. Barua yangu ya kwanza, niliyoipata tarehe 8, ilikuwa na majina mawili badala ya matatu. Niliilinganisha na pasipoti nikiwa bado mlangoni mwa ofisi, nikairudisha. Iliyosahihishwa ilitoka tarehe 13.

Anwani nayo yataka uangalifu wa aina hiyo hiyo. Posta ya kule ina orodha ya kila mlango, na mashine hulinganisha na orodha hiyo. Chumba kinachoandikwa namba 6 katika nyumba namba 14 kisije kikaandikwa mahali pengine 14F. Kisha hufuata swali la mahali ulipoishi miaka mitatu iliyopita. Mimi niliandika sanduku la posta, kama tulivyozoea, mashine ikalikataa, kwa kuwa sanduku si makazi. Yafaa kuandika kijiji, kata, wilaya na mkoa. Waliokwisha kupata namba za nyumba katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 watafanya vyema kuziandika katika daftari lao kabla ya kupanda ndege.

Katika siku zile za kungoja, jamaa mmoja wa Tanzania, kwa nia njema kabisa, alinishauri nitumie akaunti yake mpaka yangu itakapopatikana. Mwajiri wangu asingekubali, lakini wapo waajiri wadogo wanaokubali, na hapo ndipo penye shimo. Benki ikiona mishahara au fedha za watu wengine zinapita katika akaunti ya mtu, huweza kumshuku kuwa anapitisha fedha za wizi. Akaunti hufungwa, na jina huweza kuandikwa katika daftari la wadanganyifu liitwalo Cifas, ambamo hudumu miaka sita. Kwa miaka hiyo kupata akaunti, simu ya mkataba au hata mkopo mdogo ni taabu tupu. Anayeumia kwanza ni yule mwenye huruma aliyeazima akaunti yake.

Jumanne tarehe 19, nikiwa na barua iliyonyooka, nilikwenda benki nyingine. Safari hii sikuomba akaunti ya kawaida. Nilikwisha kuambiwa na muuguzi mmoja Mfilipino, ambaye wenzake walipita njia hiyo kabla yetu, kwamba ipo akaunti ya msingi, na kwamba yapasa kuitaja kwa jina lake. Hii ni akaunti ambayo mabenki makubwa ya Uingereza yanalazimishwa na kanuni za mwaka 2015 kuitoa, nayo yalianza kuitoa kwa kanuni hizo Septemba 2016. Haina ada ya mwezi, ina kadi, hupokea mshahara na kulipa bili. Kitu isichokuwa nacho ni ruhusa ya kuchukua fedha zaidi ya zile zilizomo. Na kwa kuwa benki haikukopeshi chochote, kukosa historia ya mikopo si sababu halali ya kukukatalia. Ombi likikamilika, benki hupewa siku 10 za kazi kufungua. Ikikataa, kwa kawaida hutakiwa kueleza sababu kwa maandishi. Makarani wengi huanza na akaunti ya kawaida kwa kuwa ndiyo wanayoizoea, mgeni hukataliwa na mashine, akaondoka akidhani amekataliwa na benki.

Akaunti ya msingi, hata hivyo, haiondoi haja ya kuthibitisha jina na makazi. Hiyo ni sheria ya kuzuia fedha haramu, nayo haina msamaha. Ndiyo maana barua ilitangulia. Nilipewa namba za akaunti siku ile ile. Kadi ikaja kwa posta baada ya siku sita, na namba ya siri katika bahasha ya peke yake.

Tarehe 15 ilikuwa imekwisha kupita. Mshahara wa Septemba haukulipwa, ukaahirishwa ulipwe pamoja na wa Oktoba. Nyumbani mkopeshaji alikwisha kuleta vijana kufyeka chini ya mikorosho, ishara ambayo kila mtu wa Rufiji anaijua maana yake. Ijumaa tarehe 27 Oktoba mishahara yote miwili iliingia, jioni nikatuma fedha kwenye simu ya mama, na Jumapili tarehe 29 akalipa mbele ya mjumbe. Vijana walidai ujira wao wa kufyeka kwa mama. Mjumbe akaamua uliowaleta ndiye alipe.

Mambo mawili yamebadilika tangu wakati ule. Zile kadi za ukaazi tulizopewa zilikoma mwisho wa mwaka 2024, na sasa ruhusa ya kuishi huonekana katika mtandao wa serikali. Benki ikitaka kuiona, mwenyewe huingia humo akatoa namba ya muda, ambayo hutumika kwa siku 90, akampa karani. Pili, wageni wengi sasa huanza na akaunti za simu, ambazo baadhi yake huridhika na picha ya pasipoti, picha ya uso, na anwani ya kupelekea kadi. Zinafaa, lakini inapasa kuuliza kama anayeitoa ni benki kamili au ni kampuni ya kutunza fedha za kielektroniki tu, kwa sababu ile kinga ya amana inayomlipa mteja benki inapofilisika haizihusu kampuni hizo.

Nilipopata namba ya bima ya taifa nilifanya jambo moja jingine, ambalo wananchi wenzetu wengi hawalijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza ana haki ya kuandikishwa kupiga kura kule, na Tanganyika iliingia Jumuiya hiyo mwaka 1961. Nikajaza fomu, halmashauri ikaniandikisha, na kwa kuwa zile kampuni tatu husoma daftari la wapiga kura, baada ya muda jina langu likaonekana kwao, katika chumba namba 6, nyumba namba 14. Mwaka uliofuata niliomba simu ya mkataba. Muuzaji alibonyeza, akangoja kidogo, akaniuliza nataka ya rangi gani.