Alama Kumi na Tano za Karakana

Mwaka jana tuliwachukua wanachuo wetu hadi karakana moja ya seremala mjini Kibiti, inayotengeneza madawati, milango na makasia ya mitumbwi iendayo delta ya Rufiji. Nia yetu ilikuwa kuwafunza kutoa alama kwa kitu ambacho si daftari la mtoto. Tulitumia zile S tano zilizotoka Ujapani, ambazo Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuzitumia mwaka 2007: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Kila moja tuliipa alama tano.

Fundi alijua kwamba tunakuja, kwa hiyo sakafu ilikuwa imefagiwa ikang'aa. Tulitoa Sasambua 4, Seti 1, Safisha 5, Sanifisha 3 na Shikilia 2. Jumla 15 kati ya 25. Tukampongeza, tukaenda zetu.

Baada ya siku tatu mwanagenzi wake alitia mkono katika sanduku kutafuta patasi, akachanwa na meno ya msumeno uliolala humo humo. Ile 1 ya Seti ilikuwa imekwisha kutuambia habari hiyo, nasi tuliifunika kwa jumla.

Tuliporudi tuliacha jumla, tukashika alama ya chini peke yake. Kwanza tuliandika tulichokiona, si maoni yetu: patasi na misumeno zimo sanduku moja, kutafuta patasi kulichukua dakika nne. Ndipo tukaandika tendo moja, mtendaji mmoja na siku moja: mwanagenzi mkubwa atundike ubao ukutani, achore umbo la kila chombo mahali pake, makali yaelekee chini, kabla ya Ijumaa. Wanachuo walitaka kuandika matendo tisa. Tulikataa, kwani fundi ana madawati ya kumaliza, na orodha ya matendo tisa huishia kuwa karatasi ya kufungia misumari.

Tulikubaliana pia maana ya alama za Seti. Moja: chombo hutafutwa. Tatu: kina mahali pake, lakini mwenyeji tu ndiye apajuaye. Tano: mgeni aweza kukitwaa na kukirudisha bila kuuliza.

Safari ya tatu hatukutoa taarifa. Tulimtuma mwanachuo ambaye hajapata kuingia humo alete patasi. Akaileta kwa sekunde ishirini. Seti tukaipa 4, maana randa mbili hazikuwa na umbo ubaoni. Safisha ilishuka hadi 3, kwa kuwa tulikuta vumbi la mbao la siku ya kazi. Nadhani hiyo ndiyo alama yake ya kweli. Nyingine hazikubadilika.

Mwanachuo mmoja akajumlisha, akasema kwa masikitiko, "Mwalimu, tumeongeza alama moja tu."

Tukamwambia amtazame mwanagenzi, ambaye wakati huo alikuwa akitwaa msumeno ukutani bila kuutazama.