Kichwa cha habari hapo juu

Barua ya kiofisi ya Kiswahili huanza kwa sentensi ambayo sote tuliifundishwa shuleni: husika na kichwa cha habari hapo juu. Sikuwahi kuifikiria sana mpaka nilipotaka kumwandikia meneja wangu kuhusu maumivu ya hedhi, nikagundua kwamba ugumu wote ulikuwa kwenye hicho kichwa cha habari. Ofisini kwetu barua haiendi moja kwa moja kwa meneja. Inapokelewa na katibu muhtasi, anaigonga mhuri na kuiandika kwenye daftari la barua zilizoingia, na anachokiandika ni kichwa chake. Baadaye nakala inakwenda kwa ofisa rasilimali watu na kukaa kwenye faili langu, lile lile litakalofunguliwa mkataba wangu utakapofika mwisho. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa namna ya kueleza maumivu. Lilikuwa ni watu wangapi watasoma neno gani.

Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya watu arobaini hivi, Dar es Salaam. Kazi yangu ina tarehe mbili zisizosubiri mtu: tarehe 7, siku ya mwisho ya kupeleka Mamlaka ya Mapato kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya mwezi uliopita, na tarehe 20, ya ritani ya kodi ya ongezeko la thamani. Mwili wangu nao una tarehe zake, na hizo hazifuati kalenda ya ukutani.

Kabla ya kuandika lolote niliweka daftari kwa miezi sita, Januari hadi Juni 2025. Sikuandika nilivyojisikia. Niliandika tarehe hedhi ilipoanza, na saa za kazi nilizozikosa. Ilianza Alhamisi ya tarehe 9 Januari, ikafuata Ijumaa ya tarehe 7 Februari, Ijumaa ya tarehe 7 Machi na Ijumaa ya tarehe 4 Aprili. Mwezi Mei iliniangukia siku ya kwanza, Sikukuu ya Wafanyakazi, kisha Ijumaa ya tarehe 30. Ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya tarehe 27 Juni. Mara saba.

Ukizitazama tarehe hizo kwa jicho la meneja, utaona mfanyakazi asiyekuja Ijumaa. Tano kati ya saba! Hata mimi ningemshuku mtu huyo kwamba anajirefushia wikiendi. Lakini mzunguko wangu ni wa siku 28, mara nyingine 27 au 29, na siku 28 ni wiki nne kamili. Ukianza Ijumaa, utarudi Ijumaa, na unaweza kukaa hapo miezi kadhaa kabla haujasogea. Na kwa kuwa miezi mingi ina siku 30 au 31, tarehe yenyewe inarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka mwezi mmoja inakutana uso kwa uso na tarehe 7. Mwaka huo ilikutana nayo mara mbili mfululizo.

Jambo la pili ambalo daftari lilionyesha ni kwamba hasara ilikuwa ndogo kuliko nilivyoihofia. Siku ya kwanza siwezi kukaa kwenye kiti. Siku ya pili, kufika mchana, naweza kufanya kazi nikiwa nyumbani. Daktari alinieleza sababu: utando wa mji wa mimba unapojiandaa kutoka hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya msuli ukaze, na huwa nyingi zaidi siku ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana dawa kama ibuprofeni husaidia zaidi ikimezwa mapema kuliko ukisubiri maumivu yapande. Alinipima pia kuona kama kuna chanzo kingine, maana kwa wanawake wengine maumivu ya namna hii hutokana na uvimbe kwenye kizazi au endometriosisi. Yote hayo ni ya chumba cha daktari. Kilichomhusu meneja ni kimoja tu: siku moja na nusu. Na kwa kuwa Jumamosi hatufanyi kazi, jumla ya siku za kazi nilizozikosa kwa miezi sita ilikuwa saba.

Kisha nikafungua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haina likizo ya hedhi. Wenzetu wa Zambia wanayo: sheria yao ya ajira ya mwaka 2019 inampa mwanamke siku moja kila mwezi, bila cheti na bila kutoa sababu, na wao huiita Siku ya Mama. Sisi tunayo likizo ya ugonjwa: siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nikapiga hesabu. Miezi 36 ina mizunguko kama 39. Siku moja na nusu kila mara, hata kama zote zingeangukia siku za kazi, ni siku 58 na nusu. Zinatosha ndani ya 63, lakini zinabaki siku nne na nusu za malaria, ajali na homa kwa miaka mitatu. Hapo ndipo nilipojua naomba nini. Likizo zaidi isingenifaa. Nilihitaji kazi isogezwe ili likizo isiishe.

Na kulikuwa na suala la cheti. Sheria inamruhusu mwajiri kutolipa siku hizo kama hujaleta cheti cha daktari. Maana yake, siku ambayo nilipaswa kulala ndiyo niliyopanda bajaji nimejikunja, nikapanga foleni dirishani, nikamlipa mtu aandike kile nilichokijua tangu alfajiri. Kwa hiyo nilimwomba daktari aandike barua moja ya jumla: kwamba ananihudumia kwa hali inayojirudia, na kwamba inapotokea nahitaji mapumziko ya siku moja hadi mbili. Sikutaka aandike jina la kipimo wala la dawa, naye hakuona tatizo.

Likabaki neno. Kiswahili kinatupa njia nyingi za kusema bila kusema: niko kwenye siku zangu, nimeingia mwezini. Shangazi yangu huita maumivu yenyewe chango, akishika kiuno, na kwake hilo linatosha. Alinishauri niandike "hali ya kiafya" tu, nisiweke mambo ya ndani kwenye karatasi ya watu. Nilimwelewa, lakini naijua ofisi yetu. Mwanamke kijana asiyeonekana mara moja kila mwezi, mwenye "hali ya kiafya" isiyo na jina, atapewa jina na wengine. Wiki ya kwanza watasema ana mimba. Wiki ya tatu watasema jambo baya zaidi. Nikaona ukimya ungewapa watu nafasi ya kujaza wenyewe, wakati neno moja la wazi lingewanyima. Nikaamua neno hedhi litokee mara moja, ndani ya barua, lisiwe kwenye kichwa. Damu, kutapika, vipimo na swali ambalo kila mtu humuuliza binti mwenye maumivu ya tumbo, kwamba ataolewa lini, vyote vilibaki nje. Bahasha niliiandika SIRI.

Hii ndiyo barua.

"YAH: OMBI LA MPANGILIO WA SAA ZA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninapata maumivu makali ya hedhi ambayo kwa kawaida hunizuia kufanya kazi siku ya kwanza na nusu ya siku ya pili. Niko chini ya uangalizi wa daktari, na barua yake nimeiambatanisha. Kati ya Januari na Juni hali hii imegusa siku saba za kazi.

Naomba siku ya kwanza ihesabiwe kuwa likizo ya ugonjwa, na siku ya pili niruhusiwe kufanya kazi nikiwa nyumbani kuanzia saa 6 mchana, nikifidia saa zilizobaki ndani ya wiki inayofuata. Naomba pia barua ya daktari iliyoambatanishwa itumike kwa miezi sita badala ya cheti kipya kila mara.

Ili kazi isikwame, nitakamilisha hesabu za kodi ya mishahara kufikia tarehe 4 ya kila mwezi, na mwenzangu wa malipo ataelekezwa namna ya kuziwasilisha. Siku husika nitatoa taarifa kabla ya saa 2 asubuhi.

Napendekeza utaratibu huu ujaribiwe kwa miezi mitatu, kisha tuutathmini. Niko tayari kujadili mpangilio wa kazi wakati wowote.

Wako mtiifu katika kazi,"

Sentensi ya mwisho kabla ya saini niliipima kwa muda mrefu kuliko zote. Ningeandika "niko tayari kutoa maelezo zaidi," kama tulivyozoea, ningekuwa nimefungua mlango wa maswali ambayo barua nzima ilijengwa kuyazuia. Niko tayari kujadili mpangilio wa kazi. Mwili haumo kwenye ajenda.

Meneja wangu ni mtu mzima, umri wa baba yangu mdogo. Aliniita siku ya nne. Nikaamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Barua ilikuwa mezani, imegeuzwa chali. Aliuliza jambo moja: "Hiyo tarehe 4, mishahara ikichelewa kupitishwa utafanyaje?" Nikamjibu kwamba hesabu huanza kabla ya malipo, na kinachobaki ni kuthibitisha. Akanyamaza, akachukua kalamu, akaandika juu ya barua kwa mwandiko wake wa kulala: miezi mitatu, kukubaliwa, ikizidi siku mbili, cheti kipya. Kuhusu barua ya daktari kutumika miezi sita alisema itumike miezi mitatu kwanza, sawa na majaribio. Sikubishana. Kisha akaniuliza kama ritani ya tarehe 20 ina tatizo lolote.

Mkataba wangu unaisha Desemba, na sijui atakayelifungua faili hilo atalisomaje. Ninachojua ni kwamba atakuta siku saba, tarehe 4 na saini mbili.

Ijumaa ya tarehe 25 Julai, saa 12 na nusu asubuhi, nilimtumia ujumbe kwa simu: "Shikamoo. Leo natumia siku ya mpangilio. Malipo ya wauzaji yako tayari, yanasubiri saini yako tu." Akajibu baada ya dakika chache: "Marahaba. Sawa."

Nikameza dawa na kurudi kulala.